Magunia Yasiyo na Etiketi: Namna ya Kutambua Chai Nyeusi, Chai ya Kijani na Tizani



Msimu wa mvua uliopita tulifika ku depo ya koperative moja ya Masisi, kwenye barabara inayoelekea Walikale. Tulikuwa tumekwenda kuzungumza juu ya mbegu za viazi, lakini siku ile hakuna aliyezungumza juu ya viazi. Usiku bati moja lilipasuka, na maji yakashuka moja kwa moja juu ya kona ya magunia ya majani makavu. Kila gunia lilikuwa na plastiki ndani, kwa hiyo majani mengi hayakulowa. Kilichoharibika ni etiketi. Zilikuwa za karatasi, zimeandikwa kwa biki na kubandikwa nje. Asubuhi zilikuwa zimegeuka uji.

Daftari ya depo ilionyesha ya kama koperative ilipokea vitu vine: chai nyeusi kilo 20, chai ya kijani kilo 12, sitroneli, ndiyo mchaichai, kilo 9, na artemisia kilo 6. Na kweli magunia yalikuwa mane. Mawili yalikuwa na majani ya rangi ya kahawia, mawili yalikuwa na majani ya kijani. Mizani haikuweza kusaidia, kwa sababu kila gunia lilikuwa limepunguzwa kidogo kidogo kwa mauzo ya rejareja, na mauzo hayo hayakuandikwa yote. Muuzaji mmoja wa Goma alikuwa anakuja siku ya posho kuchukua chai nyeusi na chai ya kijani.

Papa magazinye aliinama juu ya gunia la kwanza, akanusa. Akanusa la pili, la tatu na la nne. Kisha akacheka kidogo, cheko ya mutu aliyeshindwa.

"Pua yangu inaniambia byote ni artemisia," akasema.

Hakukosea. Majani makavu ya chai yanavuta harufu ya kitu chochote kilicho karibu: sabuni, makayabu, petroli, na hata tizani yenye harufu kali. Magunia yale manne yalikaa pamoja miezi miwili, na harufu ya artemisia ilikuwa imeingia yote. Kwa hiyo ilibaki kazi ya macho. Tuliifanya pamoja nao mchana ule, na tunawaeleza hapa namna tulivyoifanya, kwa sababu koperative nyingi za Masisi na Walikale zinaweka chai na tizani ndani ya depo moja.

Mti moja, kazi mbili

Kwanza tukumbushane jambo moja ambalo wanamemba wengi waliokuwa pale hawakulijua. Chai nyeusi na chai ya kijani zinatoka ku mti uleule. Majani yanayochumwa ku bustani za Ngeri hapa Masisi, ao kule Butuhe karibu na Butembo, yanaweza kutoa moja ao nyingine. Tofauti inatokea kisha kuchuma.

Kwa chai nyeusi, majani yanaachwa yanyauke masaa mengi, mara nyingi usiku mzima. Kisha yanakatwa ao kukunjwa ili maji yake yatoke na kukutana na hewa. Yanageuka rangi kama vile ndizi ao parachichi iliyokatwa inavyogeuka. Ndipo yanakaushwa kwa moto. Kwa chai ya kijani, majani yanapashwa moto haraka, kwa mvuke ao ndani ya kikaango, mbele hayajapata nafasi ya kugeuka. Moto ule unazuia kugeuka, na rangi ya kijani inabaki.

Tizani ni kitu kingine kabisa. Sitroneli, artemisia, tangawizi, rosela, majani ya mpera: hakuna hata moja inayotoka ku mti wa chai. Tunayaita chai kwa mazoea, kwa sababu tunayanywa kwa kikombe kilekile.

Kutokana na hayo kunatoka kanuni tuliyoifuata siku ile: angalia umbo mbele ya rangi. Rangi inabadilika. Jua, unyevu na miezi ya depo vinaweza kugeuza kijani kuwa kahawia. Lakini umbo la jani, mishipa yake na ukingo wake havibadiliki.

Sahani nyeupe na mwangaza wa mlango

Tuliomba sahani nne nyeupe na karatasi nne zenye namba. Tukaziweka meza karibu na mlango, mahali mwangaza wa mchana unaingia bila jua kupiga moja kwa moja. Chini ya taa ya njano, ao ya telefone, kahawia na kijani ya giza vinafanana.

Kosa la kwanza ambalo watu wengi wanafanya ni kuchota juu ya gunia. Juu kunabaki vipande vikubwa na vyepesi, vumbi linashuka chini. Papa magazinye aliingiza mkono hadi katikati, kisha hadi chini, akachanganya machoto matatu ya kila gunia. Kijiko kimoja kikamwagwa juu ya kila sahani na kutandazwa ili vipande visilaliane.

Gunia la kwanza lilikuwa la kahawia inayoelekea weusi. Juu ya sahani halikuonekana kama majani hata kidogo. Lilionekana kama punje ndogo, ngumu, karibu za mviringo, zinazolingana kwa ukubwa. Hiyo ni chai nyeusi ya kiwanda. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinapitisha majani kati ya mitungi ya chuma yenye meno, inayozunguka kwa mwendo usiolingana. Mitungi inaponda, inapasua na kukunja, na jani linatoka punje. Hakuna mmea wa tizani unaokaushwa nyumbani unaotoa punje za namna hiyo. Kati ya punje tuliona nyuzi chache nyekundu-kahawia. Ni vikonyo vya jani. Vikiwa vichache si neno. Vikiwa vingi, chai ni ya daraja la chini.

Mama sekretere akauliza kwa nini kuna magunia ya kiwanda yanaandikwa BP1, PF1, PD ao D1. Hizo ni alama za ukubwa wa punje. BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, na PD na D1 zinakaribia vumbi. Ni alama zilezile zinazotumika ku mnada wa chai wa Mombasa, ambako chai ya inchi yetu pia inapita. Alama hizo hazisemi kama chai ni nyeusi ao ya kijani. Zinasema ukubwa tu.

Gunia lililodanganya kwa rangi

Gunia la pili lilikuwa pia la kahawia, lakini kahawia yenye unjano kidogo. Wote waliokuwa mezani walisema ni chai nyeusi. Mama mmoja alikuwa tayari amekamata mfuko ili kulichanganya na la kwanza.

Tukamuomba angoje. Juu ya sahani, gunia la pili halikuwa na punje. Lilikuwa na vipande vilivyokunjwa kwa mkono, vingine virefu kama uzi uliosokotwa, vingine bapa vilivyovunjika. Hapo hatukuweza kukata neno kwa macho tu, kwa sababu kuna chai nyeusi inayokunjwa bila kukatwa, na inafanana hivyo. Kitu kikavu kina mpaka wa kile kinachoweza kusema. Ukifika ku mpaka huo, lowesha.

Tulitumia kipimo ambacho waonjaji wa chai wanatumia: gramu 2 kwa maji ya moto desilita moja, dakika 6. Kwa asiye na mizani ndogo, kijiko kidogo cha chai kisichojaa kinakaribia. Baada ya dakika 6 tukamwaga maji, tukachukua majani yaliyolowa na kuyafungua kwa vidole juu ya sahani.

Chai nyeusi ikilowa, jani lake linakuwa na rangi ya shaba, kama franga ya zamani iliyosuguliwa. Gunia la kwanza lilifanya hivyo hata kwa vipande vyake vidogo. Gunia la pili lilifunguka polepole, na jani lililotokea lilikuwa la kijani ya mzeituni, lenye madoa ya kahawia pembeni. Maji yake yalikuwa ya njano. Ilikuwa chai ya kijani, iliyozeeka ao iliyokaa ku unyevu hadi ikapoteza rangi yake.

"Sasa kama tungechanganya?" mama yule akauliza.

Wangepoteza mara mbili. Chai nyeusi ingekuwa na maji hafifu na ladha ya nyasi, na muuzaji angeirudisha. Na chai ya kijani yote ingekuwa imepotea ndani yake bila njia ya kuitoa.

Kuna alama nyingine ya jani la chai ambayo inasaidia wakati vipande ni vikubwa vya kutosha. Ukingo wake una meno madogo, kama msumeno mdogo. Mishipa inatoka katikati kuelekea pembeni, lakini haifiki ku ukingo: inapinda na kushikana na mshipa unaofuata, kama vile mtu anayefunga kitanzi. Chomeko la juu, lile ambalo halijafunguka, lina manyoya madogo meupe ao ya dhahabu. Ukiona mambo hayo matatu, ni mti wa chai, uwe mweusi ao wa kijani.

Magunia mawili ya kijani

Yalibaki magunia mawili ya kijani, na watu wakafikiri kazi imekwisha: moja lazima ni chai ya kijani. Lakini chai ya kijani ilikwisha kupatikana ku gunia la pili. Hapo ndipo koperative iliona jinsi ambavyo ingeuza kitu kingine kwa jina la chai.

Gunia la tatu lilikuwa la kijani hafifu, karibu rangi ya majani ya paa. Vipande vilikuwa bapa, vilivyokatwa sawasawa kwa kisu, na vigumu kidogo. Tulipokiinua kimoja mbele ya mwangaza, mishipa yake ilikuwa mistari iliyonyooka, ikienda sambamba toka mwisho moja hadi mwingine, kama mistari ya daftari. Hakuna jani la chai lenye mistari hiyo. Hiyo ni alama ya nyasi: mahindi, muwa, na sitroneli. Ilikuwa sitroneli. Kwa tizani hii, mtoto wa shule anaweza kuchambua bila kukosea, akishajua kuangalia mistari.

Gunia la nne ndilo lililotuogopesha. Lilikuwa na kijani nzuri zaidi ya yote, kijani ya giza, laini. Kijana mmoja wa koperative akasema: "Hii ndiyo ya kijani, hata mutoto anaona." Alikuwa tayari kuifunga kwa ajili ya siku ya posho.

Juu ya sahani ilikuwa makombo madogo sana, mepesi, yanayoruka ukipumua. Kati yake kulikuwa na vijiti vyembamba na vidonge vidogo vya njano, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Chai haina vidonge hivyo, kwa sababu inachumwa majani mawili na chomeko, si maua. Tukalowesha. Vipande vikubwa vilifunguka kama unyoya, vimegawanyika na kugawanyika tena, kama jani la karoti. Ilikuwa artemisia.

Mama prezida alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Basi siye tungeuzisha hii kwa mama mwenye mimba, na juu yake tumeandika chai?"

Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Artemisia inanywewa sana Kivu yetu kwa sababu ya malaria, lakini OMS haishauri kutumia majani yake kama tizani ya kutibu ao kuzuia malaria. Kiasi cha dawa ndani ya majani kinabadilika toka shamba moja hadi lingine, na dawa kidogo isiyotosha inaweza kuzoesha ugonjwa. Mwenye kuinunua kwa jina lake anajua anachokunywa, na anaweza kuuliza ku kituo cha afya. Mwenye kuinunua kwa jina la chai ya kijani hajui, na atainywa asubuhi na magaribi.

Vimfuko vya karatasi

Depo ilikuwa pia na kartoni moja ya chai ya vimfuko iliyolowa. Vikopo vyake vilikuwa vimefunguka na vimfuko vikachanganyika. Kwa nje vyote vilikuwa vyeupe, bila maandishi.

Vimfuko ni vigumu zaidi, kwa sababu ndani kunawekwa punje ndogo kabisa ao vumbi, ili rangi itoke haraka. Ukingo na mishipa havionekani. Lakini hatukuacha kazi hapo. Kwanza tuliviinua kimoja kimoja mbele ya mlango. Chai nyeusi ilionyesha kivuli kimoja cha giza, kinacholingana pande zote. Chai ya kijani ilionyesha kivuli cha kijani ao kijivu, pia kinacholingana. Tizani nyingi zilionyesha rangi mbili ao tatu na vipande visivyolingana: ganda jekundu la rosela, nyuzi za njano za tangawizi, kijiti.

Kisha tulipasua kimoja cha kila kundi na kumwaga ndani ya sahani. Kundi moja lilikuwa jekundu-kahawia, na kijana yule akasema ni chai nyeusi. Safari hii aliangalia umbo yeye mwenyewe: ilikuwa sindano ndogo fupi, kama vipande vya ufagio, hakuna punje hata moja. Ilikuwa royibosi, tizani inayotoka Afrika ya Kusini, isiyo na ile nguvu ya chai inayozuia usingizi.

Kwa vumbi ambalo bado linaleta mashaka, kuna maji ya moto na limau. Maji ya chai nyeusi yakipata matone ya limau yanang'aa, yanageuka mekundu hafifu. Maji ya rosela tayari ni mekundu na yana uchachu. Ukiweka chembe ya bikarbonate, ile ya kupika mandazi, yanageuka kuelekea bluu ao kijani. Chai nyeusi ikipata bikarbonate inazidi giza tu.

Je, kama mtu alipaka rangi?

Mwanamemba moja aliuliza juu ya majani yaliyokwisha kupikwa, yakakaushwa na kupakwa rangi ili yauzwe tena. Jaribio lake ni jepesi. Tandaza majani makavu juu ya karatasi nyeupe inayonyonya maji, nyunyiza matone ya maji baridi, ngoja dakika chache, kisha ondoa majani. Chai safi inaacha alama hafifu, kwa sababu rangi yake inahitaji moto na muda. Rangi iliyopakwa inatoka mara moja na kuacha madoa makali ya njano, ya machungwa ao mekundu.

Na pitisha sumaku juu ya sahani, hata ile ya redio iliyokufa. Chembe za chuma zitaruka na kushikamana nayo. Tuliipitisha juu ya gunia la kwanza, na haikuleta kitu.

Koperative iliamua nini

Chai nyeusi ilifungwa na kuuzwa siku ya posho kama ilivyopangwa. Hata hivyo muuzaji alionyeshwa harufu ya artemisia iliyoingia, na bei ilishushwa kidogo kwa mapatano. Chai ya kijani ya gunia la pili haikuuzwa. Ulipoisugua kati ya vidole haikulia kama jani kavu linavyolia, ilipinda. Chai inatoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi, na inatakiwa kuvunjika kwa sauti. Chini ya gunia walikuta nyuzi nyeupe za ukungu. Chai yenye ukungu hairudishwi jua ili ikauke na kuuzwa. Walipeleka ku shimo la mbolea. Sitroneli na artemisia zilirudi ku depo kwa majina yake, ku kona ingine, mbali na chai. Vimfuko vilivyolowa vilitupwa vyote, hata vile vilivyotambuliwa, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa imeanza kuwa na madoa.

Sasa kila gunia la depo ile lina etiketi mbili. Moja iko nje. Nyingine iko ndani, imefungwa katika plastiki na kuandikwa kwa penseli, kwa sababu penseli haiyeyuki ku maji kama biki. Inaandikwa jina la mmea, aliyeuleta, tarehe na kilo. Kila kilo inayotoka inaandikwa siku ileile.

Na juu ya rafu, mbali na jua, kuna chupa nne ndogo zenye vifuniko: punje nyeusi, jani la kijani lililokunjwa, mistari ya sitroneli, makombo ya artemisia. Mutu akileta majani ambayo hakuna anayeyafahamu, papa magazinye hanusi tena. Anachukua sahani nyeupe, anaenda ku mlango, na anashusha chupa.